Matukio tisa ya Gagné ndani ya dakika 80: nani anaweza kunisaidia kupanga somo la kujumlisha sehemu?

MwlNyakato
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha hisabati darasa la tano, shule ya serikali, wanafunzi sabini na kitu. Wiki ijayo naingia mada ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Chuoni tulifundishwa matukio tisa ya ufundishaji ya Robert Gagné: kuvuta usikivu, kueleza lengo, kukumbusha walichokwisha jifunza, kuwasilisha kipya, kuwaongoza, kuwapa nafasi ya kutenda, kuwapa mrejesho, kupima, na mwisho kuwasaidia wakumbuke na wakitumie kwingine. Kuyataja nayataja vizuri. Shida yangu ni kuyapanga darasani. Nikitazama walimu wanaoyafuata, naona wengi kengele inawakuta kwenye la tano au la sita, na yale ya mwisho yanageuka "mtamalizia nyumbani". Naomba mwenye uzoefu anioneshe kwa mada hiihii, siyo kwa jumla.

Chaki_Nyeupe
Mwalimu, hilo jepesi. Matukio ni tisa, unayafuata moja baada ya lingine bila kuruka, ndiyo maana yakaitwa mfuatano. Anza na wimbo wachangamke, kama dakika tano. Andika lengo ubaoni. Uliza "kipindi kilichopita tulisoma nini?", wajibu. Fundisha, toa mifano mitatu, toa zoezi, sahihisha, toa jaribio, toa kazi ya nyumbani. Hiyo kazi ya nyumbani ndiyo tukio la tisa. Kila tukio lipe kati ya dakika tano na kumi na muda utatosha. Mimi nafanya hivyo kila kipindi.

Kipepeo
Samahani, hii ndiyo fomati mpya ya andalio la somo? Mbona sisi bado tunajaza utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho? Mwenye sampuli iliyojazwa aitupie hapa, mkaguzi anakuja.

MwlNyakato
@Kipepeo hapana, si fomati. Andalio libaki hivyohivyo. Nauliza kinachotendeka ndani ya hatua hizo.

Mzee wa Azimio
Nimefundisha chuo cha ualimu miaka mingi na sasa nimestaafu, naomba niingie taratibu.

Chaki yuko sahihi kwamba mpangilio upo na una sababu. Anapokosea ni kuyaona matukio kama vyumba tisa ambavyo lazima upite kila kimoja kwa muda unaolingana. Gagné mwenyewe hakusema hivyo. Alikuwa mwanasaikolojia wa Kimarekani, na miaka ya vita kuu ya pili na baada yake alifanya kazi na jeshi la anga la nchi yake kwenye masuala ya mafunzo. Kitabu chake kilichobeba mawazo haya kilitoka 1965. Swali lake lilikuwa hili: ubongo wa mtu unapojifunza unapita hatua zipi, na mwalimu afanye nini kwa nje ili kila hatua itokee? Kwa hiyo kila tukio ni kazi inayotakiwa kufanyika. Wakati mwingine mwanafunzi anaifanya mwenyewe bila wewe, na wakati mwingine kazi mbili unazifanya kwa pigo moja.

Jambo la pili, na hili watu wanalisahau, ni kwamba kabla ya matukio alitaka ujue unafundisha kitu cha aina gani. Kukariri jina la mji mkuu, kutatua hesabu, kushona, kupenda usafi, kupanga namna ya kujisomea, kila kimoja kina masharti yake. Kujumlisha sehemu ni stadi ya akili, na stadi ya akili inajengwa juu ya stadi nyingine zilizo chini yake. Hapo ndipo somo lako linapofia au kupona, mwanangu. Tukio la tatu ndilo roho ya kipindi chako, na kuuliza "tulisoma nini jana" hakulitekelezi. Mtoto atajibu "sehemu", wote watapiga makofi, na hujajua chochote.

Andika ubaoni vitu viwili tu: 1/2 = ?/6, halafu KDS ya 4 na 6. Kila mtu aandike daftarini na kalamu chini. Pita safu kwa safu. Kama nusu ya darasa haiwezi kukwambia 3/6, leo hufundishi kujumlisha. Leo unafundisha sehemu zilizo sawa, na kujumlisha kunasubiri. Usiwaonee haya wakaguzi kwa hilo, azimio la kazi lina safu ya maoni.

Chaki_Nyeupe
Mzee shikamoo. Lakini nikisimamisha kipindi kila wanaposahau, mada hazitaisha mwaka mzima.

Mzee wa Azimio
Marahaba. Ndiyo maana nimesema maswali mawili na siyo marudio ya mada nzima. Dakika kumi zinatosha kujua na kurekebisha kidogo. Usipozitoa hapo utazilipa kwenye zoezi, watoto wamekaa wanatazamana.

Sasa usikivu. Wimbo unachangamsha, sikatai, lakini ukiisha umewaacha palepale ulipowakuta. Usikivu unaotakiwa ni ule unaomfanya mtoto atake kujua kitu cha leo. Ingia, usiseme neno, andika:

1/2 + 1/3 = 2/5

Uliza, "Nani anakubali?" Mikono mingi itanyooka, kwa sababu moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Acha inyooke. Kisha uliza, "Ukiwa na nusu ya chungwa nikakuongezea kipande, unabaki na zaidi ya nusu au chini ya nusu?" Watasema zaidi. "2/5 ni zaidi ya nusu?" Nyamaza hapo. Darasa litaanza kubishana lenyewe, na hapo usikivu umeupata kwa dakika tatu. Tena kosa kubwa la mada hii umelitanguliza mezani kabla halijaingia madaftarini.

MwlNyakato
Hii nimeipenda sana. Swali: lengo nilitaje kabla ya hiyo 2/5 au baada? Kwenye orodha usikivu unatangulia, ila mkufunzi wetu mmoja alisisitiza lengo liwe ubaoni kabla hata hawajakaa.

Mtoto wa Pwani
Mimi naona lengo ukilitaja mapema unaua fumbo. Ukishaandika "leo tutajumlisha sehemu zenye asili tofauti", mtoto mwerevu anajua kabisa kwamba 2/5 ni mtego.

Mzee wa Azimio
Mtoto wa Pwani ana hoja, ila mimi nimeona madarasa ambayo lengo lilitangulia na fumbo bado likafanya kazi. Sina ugomvi hapo. Ninachokazania ni maneno ya lengo. "Waelewe sehemu" haimsaidii mtoto wala wewe. Mwambie atakachoweza kukifanya kengele ikilia: "Utajumlisha sehemu mbili zenye asili tofauti bila kutumia kipande cha karatasi." Lengo likikaa hivyo, jaribio la mwisho limeshajiandika.

Fundi Zuhura
Mimi nafundisha ushonaji kwenye chuo cha ufundi, si hisabati, naomba nichangie ya kwangu. Nikiwafundisha kupachika zipu kwenye sketi, hilo la kuwasilisha na kuongoza siwezi kulitenganisha na kutenda. Nikieleza zipu nzima kwanza halafu niseme sasa shoneni, nusu wanakuwa wameshasahau upande wa kuanzia. Kwa hiyo naonesha kubana pini, wanabana, nawatazama, narekebisha. Naonesha kupiga bandi, wanapiga, narekebisha. Ndipo tunakwenda mashine. Kwa hesabu yenu la nne, la tano, la sita na la saba nayazungusha mara nne au tano ndani ya kipindi. Je, huo si mfuatano tena?

Mzee wa Azimio
Ni mfuatano kabisa, Fundi. Kazi ya mikono inadai hivyo, na mrejesho wako unatoka kwenye kitambaa chenyewe: mshono ukivuta, mwanafunzi anauona kabla hujafungua mdomo. Kwenye hesabu hakuna kitambaa. Mtoto akiandika 3/7 daftari halivuti wala halijikunji. Ndiyo maana mwalimu wa hisabati ana kazi kubwa zaidi kwenye tukio la saba.

Ila hata kwa Nyakato, kuzungusha kunafaa. Mwanangu, andaa vipande vya karatasi ngumu, hata maboksi, urefu sentimita 12, kila wawili wapate vitatu au vinne. Nasema 12 kwa makusudi. Nusu yake ni sentimita 6, theluthi ni 4, robo ni 3, sehemu ya sita ni 2, ya kumi na mbili ni 1. Rula inamaliza kila kitu, hakuna kuhangaika kukunja karatasi mara tatu. Mtoto anapaka rangi nusu kwenye kipande kimoja, theluthi kwenye kingine, anakata vilivyopakwa rangi na kuviunganisha: sentimita 10. Sasa uliza, "Hiyo 10 kwenye 12 tuiite sehemu gani?" Kipimo cha sentimita 6 hakiingii sawasawa kwenye 10, cha 4 nacho hakiingii. Cha 2 kinaingia mara tano. Kwa hiyo ni tano za sita, 5/6. Hapo ndipo unapoandika ubaoni 3/6 + 2/6 = 5/6, na KDS inakuwa na kazi ambayo macho yameshaiona.

Mfano wa pili, 2/3 + 1/4, fanya nusu wewe nusu wao: wewe tafuta 12, wao wajaze 8/12 na 3/12. Wa tatu wafanye wenyewe, wewe umeshika chaki tu. Hivyo ndivyo uongozaji unavyopungua kidogo kidogo. Mifano mitatu ya Chaki ingekuwa mizuri vilevile, isipokuwa yote mitatu anaifanya mwalimu.

Chaki_Nyeupe
Hapo nakubali. Lakini mrejesho kwa watoto sabini, Mzee, tuseme ukweli. Kusahihisha madaftari sabini ndani ya kipindi hakuwezekani. Mimi huwa nakusanya, narudisha kesho.

Mzee wa Azimio
Kesho mtoto ameshalala na kosa lake, na wengine wameshalifanyia mazoezi nyumbani. Huhitaji kusahihisha yote. Chagua hesabu ambazo jibu lenyewe linakwambia kosa. Toa 2/3 + 1/4. Majibu utakayoyaona karibu yote ni matatu. Aliyeandika 3/7 amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Aliyeandika 3/12 amebadili asili na kuviacha viasi kama vilivyokuwa. Aliyeandika 11/12 amepata. Pita ukitazama jibu tu, sekunde mbili kwa daftari. Au waoneshe vidole: andika majibu hayo matatu ubaoni ukiyapa namba, kila mmoja anyanyue namba yake akiwa amefumba macho asiige.

Halafu mrejesho wa kila kundi ni tofauti, na hapa ndipo alama ya mkasi peke yake haisaidii. Kundi la 3/7 waulize, "Ulianza na 2/3, ukaongeza. Je, 3/7 ni kubwa kuliko 2/3?" Kundi la 3/12 wape kipande: "Nioneshe 1/12, sentimita moja. Sasa nioneshe robo. Zinalingana?" Waliopata wape ngumu zaidi, 1/6 + 1/4, uone nani anakwenda 24 na nani anaona 12. Aliyekwenda 24 hajakosa, akifupisha 10/24 anapata 5/12 ileile. Usimkate.

Mtafiti wa Kijiweni
Naomba nipinge kidogo kwa heshima. Mpangilio huu wote una mwalimu katikati: mwalimu anavuta usikivu, mwalimu anaeleza lengo, mwalimu anaongoza. Mtaala wetu tangu 2005 unasema umahiri, mwanafunzi awe kitovu. Kwa nini tusiwape watoto vipande vya karatasi tangu dakika ya kwanza, wakahangaika wenyewe kwa nusu saa, wakagundua hiyo sehemu ya sita wao kwa wao?

Mzee wa Azimio
Hoja hiyo ni nzito na sitajifanya nina jibu la kuimaliza. Nitasema nilichokiona tu: wanaogundua kwa nusu saa huwa ni wale waliokuja na KDS kichwani. Wengine wanakata maboksi. Kama darasa lako ni la watoto 25 na lile tukio la tatu lilikwenda vizuri, jaribu, na uwaache wabishane muda mrefu zaidi juu ya ile 2/5.

Mtafiti wa Kijiweni
Na kama hawakuja na KDS, kuongozwa hatua kwa hatua kunawapa utaratibu, hakuwapi maana. Tutabaki tukitofautiana hapo, Mzee.

MwlNyakato
Naomba tufike la nane na la tisa maana ndiyo yananitesa. Zoezi na jaribio vinatofautianaje kama vyote ni hesabu zilezile?

Mzee wa Azimio
Kwenye zoezi unamsaidia. Kwenye kupima unaondoa msaada: vipande vinakusanywa, jirani hasemi, mfano unafutwa ubaoni. Na usimpime kwa hesabu moja, anaweza kuibahatisha. Mpe tatu zinazotofautiana kwa sababu: 1/4 + 1/2, ambapo asili moja inatosha, 1/6 + 1/4, ambapo kuzidisha asili kwa asili kunaleta namba kubwa kuliko inayohitajika, na 3/5 + 1/2, inayovuka kizima na kuleta 11/10. Hiyo ya mwisho inafaa pia kwa sababu sentimita 12 haigawanyiki kwa tano bila desimali, kwa hiyo mtoto anayeishi kwa kutegemea kipande tu atakwama na utamjua. Waandikie kwenye robo karatasi, siyo daftarini, uzipange mafungu matatu jioni. Dakika kumi.

La tisa lina mambo mawili watu wanayachanganya. Kukumbuka ni jambo la siku zijazo: hesabu mbili za leo zirudi baada ya siku mbili, zirudi tena wiki ijayo mkiwa kwenye mada nyingine. Hilo haliwezi kukaa ndani ya dakika 80 hata ukijitahidi vipi. Kuhamisha ndilo unaloweza kulianza leo, na kazi ya nyumbani yenye hesabu kumi zilezile hailifanyi, Chaki, hapo ndipo nisipokubaliana nawe kabisa. Kuhamisha ni pale mtoto anapoamua mwenyewe kwamba ujuzi huu unahitajika hapa. Mpe shamba: theluthi imepandwa mahindi, robo imepandwa maharage, iliyobaki ni sehemu gani? Hakuna alama ya kujumlisha popote. Lazima apate 7/12, kisha aone kwamba shamba zima ni 12/12, zinabaki 5/12.

Kwa muda, ningeweka hivi: usikivu na lengo tano, kukumbusha kumi, kuwasilisha na kuongoza ishirini, kutenda na mrejesho ishirini na tano, kupima kumi, shamba kumi. Ukiona umechelewa, punguza kwenye kuwasilisha, usiguse kumi za mwisho.

MwlNyakato
Walimu, nimerudi. Somo limefanyika. 2/5 ilizua ubishi hadi darasa la jirani wakachungulia. Kwenye KDS walikuwa vizuri, ila 1/2 = ?/6 iliwashinda wengi wa safu za nyuma, nikatumia karibu dakika ishirini hapo, nikaiacha 1/6 + 1/4 kwenye zoezi. Makundi matatu ya majibu yalitokea kama yalivyosemwa, na 3/12 walikuwa wengi kuliko 3/7, sikutegemea. Kwenye robo karatasi wengi wamepata mbili kati ya tatu.

Kwenye kuhamisha, mbali na shamba niliongeza swali langu: "Juma alikula 1/2 ya mkate. Asha akala 1/3 ya mkate uliobaki. Wote wawili wamekula sehemu gani ya mkate?" Karibu darasa zima wameandika 5/6. Shamba wamelipata wengi kiasi. Sasa najiuliza, hawajahamisha?

Chaki_Nyeupe
Hilo swali ni gumu mno kwa siku ya kwanza. Umewaonea.

Mtoto wa Pwani
Mimi naliona zuri sana. Wamekimbilia kujumlisha kwa sababu leo ni siku ya kujumlisha. Hawakusoma "uliobaki".

Mzee wa Azimio
Wote wawili mna ukweli. Theluthi ya nusu ni 1/6, jumla ni 1/2 + 1/6, yaani 4/6, au 2/3. Kujumlisha kwenyewe kumo ndani ya swali, ila mlango wa kuingilia ni kupata 1/3 ya kitu, na huo hujaufundisha. Kwa hiyo wengine wamekosa kwa kutosoma, wengine kwa kutojua, na karatasi hazikuoneshi nani ni nani. Shamba linakwambia zaidi kuhusu somo la leo. Mkate utunze mpaka umalize kuzidisha sehemu, ndipo uuchanganye na maswali ya kujumlisha katika karatasi moja bila kuwaambia lipi ni lipi.

Kuhusu walioandika 3/12, hao ndio ratiba yako ya kesho kutwa. Usirudie somo. Dakika tano za mwanzo wa kipindi, hesabu mbili: 2/3 = ?/12, kisha 2/3 + 1/12. Ya pili ina asili moja tu ya kubadili. Atakayeandika tena 3/12 mwite pembeni na kipande chake cha sentimita 12.

Fundi Zuhura
Mwl Nyakato, hivyo vipande vya boksi umevitunza? Nina wanafunzi wanaoshindwa kugawa kiuno cha sketi kwa marinda, naona vitawafaa, hasa hiyo ya kugundua kipimo kinachoingia sawasawa.

MwlNyakato
Ninavyo, dada, nimevifunga kwa raba kumi kumi. Ila kwa kiuno cha sentimita 70 ungekata vya urefu mwingine, 12 haitaingia sawasawa.